Kuhamishiwa Mji wa Gharama: Nani Hulipa, Hulipa Nini na kwa Muda Gani

Mfanyakazi anapohamishwa na mwajiri wake kwenda mji wenye maisha ghali zaidi, hudai mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni gharama ya kuhama kwenyewe: lori la kubebea vyombo, nauli za familia, malazi ya siku za mwanzo na fedha za dalali. Gharama hiyo hutokea mara moja ikaisha. La pili ni tofauti ya gharama za maisha baina ya mji alioutoka na mji alioingia. Hiyo haina mwisho. Inarudi kila mwezi kwa muda wote atakaokaa huko. Fedha za kuziba pengo la kwanza ndizo posho ya uhamisho. Za kuziba la pili ni nyongeza ya gharama za maisha, iwe imeingizwa kwenye mshahara au imelipwa kama posho ya kila mwezi.

Migogoro mingi ya uhamisho huzaliwa na kuchanganywa kwa madai haya mawili. Mfanyakazi hupewa fungu moja nono siku ya kuondoka, akafurahi na kuhisi ametendewa haki, kisha miezi minane baadaye anajikuta anakopa ili alipe kodi ya nyumba. Wakati mwingine huwa kinyume chake: mshahara umepandishwa vizuri, lakini fedha za kuanzia hazikutolewa, na mtu anaanza maisha mapya akiwa tayari na deni la riba kubwa. Kila dai linahesabiwa kwa njia yake, na mfano mmoja ukifuatwa hadi mwisho unatosha kuonyesha namna ya kuhesabu.

Sheria zenyewe zinatofautiana nchi kwa nchi. Nchini Kenya, tofauti ya miji imeandikwa ndani ya mfumo wa mishahara. Agizo la kima cha chini cha mshahara la mwaka 2022 lilimpa kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu shilingi za Kenya 15,201.65 kwa mwezi, na yule wa maeneo ya mashambani yaliyo nje ya miji shilingi 8,109.90, yaani karibu nusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi makazi ya staha au amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba juu ya mshahara wake. Kwa watumishi wa umma, posho ya nyumba hupangwa kwa makundi ya miji, Nairobi ikiwa juu. Anayehamishwa kutoka mji mdogo kwenda Nairobi hubadilishiwa kiwango cha posho ya nyumba, na sehemu ya pengo la kila mwezi huzibika bila majadiliano marefu.

Tanzania imefuata njia nyingine. Ngazi za mishahara ya Serikali ni moja kwa nchi nzima: mtumishi wa daraja fulani hulipwa sawasawa awe Kigoma au Kinondoni. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinashughulikia zaidi tendo la kuhama. Mtumishi anayehamishwa kwa maslahi ya umma ana haki ya kusafirishiwa mizigo, nauli yake na ya familia, posho ya kujikimu kwa siku za mwanzo, na posho ya usumbufu iliyo sawa na asilimia 10 ya mshahara wake wa mwaka. Aliyeomba uhamisho mwenyewe, kwa mfano kumfuata mwenza wake, hujigharamia. Ndiyo maana maneno yaliyomo kwenye barua ya uhamisho yana uzito mkubwa. Barua inayosema mtumishi "ameomba" kuhama, hali ya kuwa aliitwa ofisini akashauriwa aandike ombi, imeshamwondolea malipo yote hayo.

Asilimia 10 ya mshahara wa mwaka ni zaidi kidogo ya mshahara wa mwezi mmoja. Ni fedha ya maana siku inapolipwa, lakini hailipwi tena. Ikiwa mji mpya unamzidishia mtumishi matumizi ya shilingi 250,000 kwa mwezi na mshahara wake ni 1,500,000, posho ya usumbufu ya 1,800,000 itaziba pengo hilo kwa muda wa miezi saba tu, hata kama hakuigusa kwa jambo jingine lolote. Baada ya hapo mzigo unabaki kwake. Hapo ndipo mfumo huu ulipopungua, na upungufu huo unawaumiza zaidi wa ngazi za chini, ambao hawana posho nyingine za kuegemea.

Katika sekta binafsi ya Tanzania Bara hakuna kiwango cha kisheria cha posho ya uhamisho. Haki hutoka kwenye mkataba wa ajira, kwenye kanuni za ndani za kampuni, au kwenye mkataba wa hali bora pale chama cha wafanyakazi kilipofanikiwa kuufunga. Pasipo na kimoja kati ya hivyo, kila kitu hutegemea mazungumzo, na mwenye hesabu iliyoandikwa ndiye anayesikilizwa.

Wenye kampuni wengi hukosea mwanzoni kabisa kwa kutazama takwimu isiyohusika. Hufungua taarifa ya mfumuko wa bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wakasoma asilimia chache, wakasema nyongeza ya kiasi hicho inatosha. Mfumuko wa bei hupima jinsi bei zilivyopanda baina ya wakati mmoja na mwingine. Hausemi lolote kuhusu mji upi ni ghali kuliko mwingine. Bei za Dar es Salaam na za Morogoro zinaweza kupanda kwa asilimia ileile mwaka mzima, na nyumba ya Dar ikabaki kuwa ghali vilevile ikilinganishwa na ya Morogoro. Kulinganisha miji kunahitaji kapu la matumizi: vitu vilevile, kwa familia ileile, vipewe bei katika miji yote miwili kwa wiki hiyohiyo.

Mfano huu ni wa kufikirika, ila mtu yeyote anaweza kuujaza kwa bei zake. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anaishi Morogoro na mwenza wake na watoto wawili, mshahara wake ni shilingi 1,500,000 kabla ya makato. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 unachukua 150,000. Kiasi kinachobaki, 1,350,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara, yaani PAYE. Kwa viwango vinavyotumika, kodi ya shilingi milioni moja ya kwanza ni 128,000, na kila kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Kodi yake kwa mwezi inakuwa 233,000, na mkononi anapokea 1,117,000.

Katika fedha hiyo, kodi ya nyumba ni 150,000, chakula 350,000, usafiri 50,000, umeme, maji na gesi 70,000, na mahitaji ya shule ya watoto 80,000. Jumla ni 700,000. Zinabaki 417,000: mkopo wa benki unakula 200,000, wazazi kijijini wanapata 100,000, na 117,000 inawekwa akiba.

Familia hiyo ikiwekwa Dar es Salaam, katika mtaa wa hadhi ileile, mambo yanabadilika kwa viwango tofauti. Nyumba ya vyumba vilevile inakuwa 250,000. Chakula kinapanda kidogo tu, hadi 380,000, kwa sababu mchele na unga ni bidhaa zinazosafiri nchi nzima na bei zake hazitofautiani sana. Usafiri ndio unaoruka. Morogoro alikuwa akitembea kwenda kazini na kupanda bodaboda siku za mvua. Dar anapanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni, na mwenza wake naye hana pa kwenda kwa miguu. Usafiri unafika 130,000. Umeme na maji vinakuwa 80,000 kwa sababu ya feni zinazozunguka usiku kucha. Shule inakuwa 110,000. Jumla mpya ni 950,000, na tofauti ni 250,000 kwa mwezi.

Hapo kwenye hesabu hii ndipo njia zinapoachana. Ukigawa 950,000 kwa 700,000 utaona kwamba maisha yamepanda kwa karibu asilimia 36. Afisa mmoja atachukua asilimia hiyo na kuizidisha kwa mshahara mzima wa 1,500,000, apate nyongeza ya takriban 536,000. Hiyo ni nyingi kupita kiasi. Mkopo wa benki haukupanda kwa sababu mtu amehamia Dar. Fedha za wazazi hazikupanda, akiba haikupanda. Kilichopanda ni matumizi ya mjini peke yake, na asilimia ya kapu ipigwe kwenye matumizi hayo, isipigwe kwenye mshahara wote. Mwajiri anayelipa zaidi hivyo atawakasirisha wafanyakazi aliowakuta Dar, wenye kazi ileile na mshahara mdogo, na mwaka utakaofuata atafunga mlango wa nyongeza kwa kila mtu.

Afisa mwingine atafanya kosa la upande wa pili, nalo ndilo linalotokea mara nyingi zaidi. Atakubali kwamba pengo ni 250,000, kisha aongeze 250,000 kwenye mshahara na kuona amemaliza. Lakini pengo lilihesabiwa kwa fedha za mkononi, na nyongeza imeingia kabla ya makato. NSSF itachukua asilimia 10, ibaki 225,000. PAYE itachukua asilimia 30 ya hiyo, yaani 67,500. Mfanyakazi atapokea 157,500. Pungufu ni 92,500 kila mwezi, na akiba yake yote ilikuwa 117,000. Mshahara umepanda kwenye karatasi, naye karibu ameacha kuweka akiba.

Njia ya kusahihisha ni kurudi nyuma kutoka mkononi kwenda kwenye mshahara. Kwa mtu ambaye kila shilingi ya ziada hukatwa asilimia 10 ya mchango na kisha asilimia 30 ya kodi kwenye kinachobaki, shilingi 100 ya mshahara humwachia 63. Pengo la 250,000 ligawanywe kwa 0.63, na nyongeza inayohitajika inakuwa takriban 397,000. Ukiijaribu, mshahara wa 1,897,000 ukitolewa mchango wa 189,700 na kodi ya takriban 340,200, mkononi panabaki takriban 1,367,000. Ni 250,000 zaidi ya mwanzo, kama ilivyotakiwa. Kwa mwenye mshahara mdogo ambaye shilingi yake ya mwisho hutozwa kodi ya asilimia 20 au 8, kigawanyo hubadilika na nyongeza inayohitajika hupungua. Kila mtu ahesabiwe kwa ngazi yake ya kodi.

Mwajiri akiona 397,000 ni nyingi, ana hoja pia. Kwake hata hiyo siyo gharama yote, kwa kuwa ana mchango wake wa NSSF juu ya fedha hiyo na tozo nyingine zinazohesabiwa kwa orodha ya mishahara. Njia ya kati inayokubalika ni kuziba pengo lote mwaka wa kwanza na kulipunguza kwa mpango uliotangazwa mapema. Familia hujifunza mji: huacha soko la karibu lenye bei ya juu na kwenda Mabibo au Tandale kwa jumla, hupata nyumba karibu na kituo cha mwendokasi, mwenza hupata shughuli. Sehemu ya pengo la miezi ya mwanzo ni ugeni, na ugeni huisha. Ila kupunguza huko kuwe kumeandikwa kabla ya mtu kufunga mizigo. Kupunguziwa kwa kushtukizwa ni kukatwa mshahara.

Jambo la mwenza halionekani kwenye kapu la bei kabisa, na huenda ndilo zito kuliko yote. Kama mwenza alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake wa miaka mingi Morogoro, kuhama kunafuta kipato hicho hadi atakapopata wateja wapya. Hakuna kampuni inayolazimika kukifidia, na chache hufanya hivyo. Lakini kikitajwa kwenye mazungumzo mapema kinaweza kubadilisha tarehe ya kuhama, au kuongeza posho ya miezi ya mwanzo. Anayenyamaza juu yake hupoteza kipato cha pili cha nyumba bila mtu yeyote ofisini kujua.

Kwa upande wa fedha za mara moja, orodha ya mfano wetu inaanza na lori aina ya Fuso pamoja na wapagazi, 700,000. Nyumba ya wageni kwa usiku saba wakati wa kutafuta makazi ni 280,000. Dalali hudai kodi ya mwezi mmoja, 250,000, na kabla ya hapo huwa ameshachukua ada ndogo kwa kila safari ya kwenda kuona nyumba. Sare za shule na kujiandikisha upya kwa watoto wawili ni 200,000. Vitasa, taa, mapazia yasiyoingia kwenye madirisha mapya na fundi wa kufunga jiko la gesi hula 150,000. Ukiongeza nauli za familia, jumla inakaribia 1,600,000. Hizi ni gharama za kweli, zimeletwa na uamuzi wa mwajiri, na hazimwachii mfanyakazi mali yoyote. Haki ni zilipwe zote.

Kodi ya nyumba ya kulipa kwa mkupuo ni jambo jingine, na linahitaji kutazamwa kwa makini. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kabla ya kukabidhi ufunguo, na wapo wanaodai ya mwaka. Kwa nyumba ya 250,000, miezi sita ni 1,500,000. Wafanyakazi huomba fedha hii iingizwe kwenye posho ya uhamisho, na waajiri hukataa wakisema kodi ya nyumba ni jukumu la mpangaji. Wote wana sehemu ya ukweli. Kodi hiyo siyo hasara, kwa kuwa mtu ataishi ndani ya nyumba kwa miezi sita. Tatizo ni kwamba inatakiwa leo, na mshahara utakuja kidogo kidogo.

Dawa yake ni mkopo usio na riba kutoka kwa mwajiri, ukatwe kwenye mshahara. Hapa napo kuna mtego. Mkopo ukikatwa kwa miezi sita, 250,000 kila mwezi, mfanyakazi atamaliza kuulipa siku ileile mwenye nyumba atakapokuja kudai 1,500,000 nyingine, na hatakuwa na kitu kwa sababu fedha ya kodi ilikuwa ikienda kwa mwajiri. Atalazimika kukopa tena. Muda wa mkopo uwe mrefu kuliko muda wa kodi, angalau miezi 12 na ikiwezekana 18, ili aweze kulipa mkopo huku akiweka fedha ya kodi inayofuata. Njia nyingine ni kampuni kumwandikia mwenye nyumba barua ya kudhamini, na baadhi yao hukubali kupokea miezi mitatu wanapoona mpangaji ana mwajiri anayejulikana.

Kuna pia kodi ya nyumba aliyoiacha. Kama alilipa miezi sita Morogoro na kuhamishwa baada ya miwili, miezi minne ya 150,000, yaani 600,000, imepotea, maana ni nadra mwenye nyumba kurudisha. Hasara hiyo imesababishwa na tarehe ya uhamisho. Mwajiri anayeuliza kodi inaisha lini, kisha akapanga tarehe kwa kuifuata, huokoa fedha hiyo bila kutoa hata senti. Likishindikana hilo, 600,000 iwekwe kwenye madai kama gharama nyingine yoyote.

Namna fedha za uhamisho zinavyolipwa ina matokeo ya kikodi. Mwajiri anaweza kulipa moja kwa moja kwa mwenye lori na nyumba ya wageni, anaweza kurudisha fedha kwa risiti, au anaweza kutoa fungu moja lisilo na maelezo. Fungu lisilo na risiti kwa kawaida huonekana kama kipato cha ajira na huingia kwenye PAYE pamoja na mshahara wa mwezi huo. Milioni moja iliyoahidiwa hufika laki saba kwa mtu wa ngazi ya asilimia 30. Malipo yaliyofanywa na kampuni yenyewe, yenye risiti na yenye jina la kampuni, ni rahisi zaidi kuyatetea kuwa ni gharama ya biashara ya mwajiri. Kwa hiyo mfanyakazi anayeahidiwa fungu aulize swali moja kabla ya kushukuru: ni kiasi gani kitafika mkononi?

Kati ya Morogoro na Dar es Salaam limeibuka chaguo jipya tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024: familia ibaki, mfanyakazi asafiri. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 13,000, na safari huchukua chini ya saa mbili. Anayepanga chumba kimoja Dar kwa 100,000 na kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki hutumia nauli ya 104,000 kwa wiki nne. Jumla ni 204,000 kabla hajala. Akiongeza chakula cha kula peke yake mjini na nauli za daladala, amelifikia au kulipita pengo la kuhamisha familia nzima. Faida iko kwingine: cherehani ya mwenza inaendelea kufanya kazi, watoto hawabadilishi shule katikati ya mwaka, na lori halikodiwi. Waajiri wengine hukubali kugharimia mpango huo kwa miezi mitatu au minne ya mwanzo, na ni mpango wa busara pale ambapo haijulikani kama uhamisho utadumu. Kampuni isiutumie kama njia ya kukwepa gharama za uhamisho kwa mtu ambaye ameshajulikana atakaa miaka.

Jina la nyongeza nalo lina thamani ya fedha. Ikiingizwa kwenye mshahara wa msingi, itahesabiwa kwenye malipo ya saa za ziada, malipo ya likizo na kiinua mgongo, ambacho kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Ikiitwa posho, haihesabiwi humo, kwa sababu sheria hiyo inapoeleza mshahara wa msingi inaziacha posho nje. Mwajiri hupendelea posho kwa sababu ya pili pia: akimrudisha mtu Morogoro, anaweza kuiondoa bila kugusa mshahara. Sababu hiyo ni ya haki, maadamu barua inasema wazi kwamba posho ni ya kituo cha Dar es Salaam na itaondoka pamoja na kituo. Kisicho haki ni posho ya shilingi zisizobadilika kuachwa miaka mitano. Laki nne ya leo haitanunua kilekile wakati huo, na kodi za nyumba hupandishwa kila mkataba unapofika mwisho. Posho iandikwe kama asilimia ya mshahara, au kapu lipimwe upya kila mwaka katika miji yote miwili.

Mikataba mingi ya uhamisho huwa na sharti la kurudisha fedha: mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miezi 12 au 24, arudishe gharama za kuhamishwa. Sharti lenyewe halina ubaya, kwa kuwa kampuni ina haki ya kujikinga na mtu anayetumia lori lake kuhamia mji anakotafutia kazi nyingine. Ubaya uko kwenye sura yake. Sharti la haki hupungua kila mwezi, ili aliyefanya kazi miezi 9 kati ya 12 adaiwe robo tu, na huwa halimgusi aliyepunguzwa kazi na kampuni yenyewe. Linalodai fedha yote hadi siku ya mwisho ni deni la kumfunga mtu, na asaini tu baada ya kulisoma mara mbili.

Hati ya mwisho ambayo watu wengi hawaitazami ni maelezo ya maandishi ya ajira, ambayo kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi. Ndani yake kuna mambo mawili tofauti: mahali mfanyakazi alipoajiriwa na mahali anapofanyia kazi. Uhamisho unabadilisha la pili peke yake. Sheria inasema maelezo yakibadilika mwajiri ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Inatokea, mara nyingi bila nia mbaya, kwamba afisa utumishi anaandaa mkataba mpya kabisa na kuandika Dar es Salaam kwenye nafasi zote mbili.

Athari yake huonekana siku ajira inapokoma. Kifungu cha 43 kinasema mfanyakazi anayeachishwa kazi mahali pasipo pale alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake kurudi mahali hapo au amlipe gharama za safari hiyo, na amlipe posho ya kujikimu ya kila siku katika muda wote kati ya kuachishwa na kusafirishwa, ikiwa safari imecheleweshwa. Aliyeajiriwa Morogoro na kuhamishiwa Dar ana haki hiyo. Mwenye mkataba mpya unaosema aliajiriwa Dar atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba anayo. Kabla ya kusaini karatasi yoyote ya uhamisho, mfanyakazi atafute mstari unaotaja mahali alipoajiriwa, ahakikishe jina la mji wa zamani bado limo, na abaki na nakala.